Kipimo cha nje, bima imelipa nusu: fedha iliyobaki inadaiwaje?

*"Nafanya kazi katika kampuni moja hapa Moshi, na mume wangu ni tegemezi wangu kwenye bima ya kampuni, siyo NHIF. Daktari alimwandikia CT ya tumbo na vipimo vya damu na mkojo, akasema mashine ya hospitali yao ni mbovu, tutafute kituo cha nje. Tukaenda Arusha, tukalipa wenyewe shilingi 520,000. Bima wamerejesha 279,000 tu, na kwenye karatasi wameandika 'haikuagizwa na daktari' na 'bei ya mkataba'. Nimekutumia nakala zote. Je, hela iliyobaki inadaiwa, na nianzie wapi?" — Msomaji, Moshi*

Dada yangu, pole kwa kuuguza. Nimezipitia karatasi zako moja baada ya nyingine, na jibu fupi ni kwamba sehemu ya fedha hiyo inadaiwa na una nafasi nzuri ya kuipata, sehemu nyingine inategemea barua moja ambayo bado huna, na sehemu ya mwisho ni bora uisamehe. Ili tusichanganye sehemu hizo tatu, tuanze na hesabu, kwa sababu wengi hupokea malipo pungufu, wakakasirika, wakaandika barua ya kulalamikia jumla yote, na barua ya namna hiyo hurudishwa na jibu lilelile la mwanzo. Ofisa wa madai hajadili jumla. Anajadili mstari mmoja mmoja wa ankara.

Ankara ya kituo ina mistari sita: CT ya tumbo 350,000, dawa ya kontrasti 90,000, kreatinini, yaani kipimo cha damu cha kuona figo zinavyofanya kazi, 15,000, picha kamili ya damu 20,000, mkojo 10,000, na vipimo vya ini 35,000. Jumla yake ndiyo hiyo uliyolipa. Bima walikubali CT, lakini kwa 280,000 badala ya 350,000, wakakubali picha ya damu na mkojo kwa bei kamili, na jumla ya walichokubali ikawa 310,000. Kisha wakakata asilimia 10, yaani 31,000, ambayo kwa mujibu wa jedwali la mafao la mkataba wenu ni mchango wa mwanachama kwa kila huduma ya mgonjwa wa nje. Ikabaki 279,000. Kwa hiyo upungufu wa 241,000 una vyanzo vitatu: 140,000 ni ya mistari waliyosema haikuagizwa, 70,000 ni tofauti ya bei ya CT, na 31,000 ni mchango wako. Huo mchango hauna mjadala. Umo ndani ya mkataba ambao mwajiri wako alitia sahihi. Tushughulike na mengine mawili.

Ukiichukua nakala ya fomu ya maombi ya kipimo aliyoijaza daktari, utaona ameandika jina la mume wako, umri, tarehe 3, maumivu ya ubavu wa kushoto, ultrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye figo, na chini yake "CT ya tumbo, picha kamili ya damu, mkojo". Fomu ina kisanduku cha kuonyesha kama kipimo kifanyike kwa kontrasti au bila kontrasti, na kisanduku hicho kimeachwa kitupu. Kila kitu kilichowakwamisha kimeanzia hapo. Daktari aliyeagiza alijua anachokitaka, na aliona ni jambo la kawaida kwamba mtu wa mionzi ataamua namna ya kupiga picha. Kitabibu hakukosea. Lakini anayesoma fomu hiyo kwenye ofisi ya bima hakuwapo chumbani. Anaona maneno matatu, "CT ya tumbo", na anaona ankara yenye mstari wa kontrasti na mstari wa kreatinini ambao hauonekani popote kwenye agizo. Kazi yake ni kulinganisha karatasi mbili, na karatasi hizo hazilingani.

Sasa ni muhimu uelewe kwa nini kontrasti ilitumika, maana hoja yako yote imesimama hapo. Uvimbe kwenye figo unaweza kuwa mfuko wa maji tu, ambao watu wengi wa makamo wanao bila kujua na mara nyingi hauna madhara, au unaweza kuwa nyama ngumu ambayo lazima ichunguzwe zaidi. Kwenye CT ya kawaida, bila dawa, mara nyingi ni vigumu kuvitofautisha kwa uhakika. Kwa hiyo mtaalamu hupiga picha kwanza bila dawa, kisha dawa yenye ayodini huchomwa kwenye mshipa wa mkono, na picha hupigwa tena. Mfuko wa maji hubaki vilevile katika picha zote mbili, ilhali nyama yenye mishipa ya damu hunywa ile dawa na kung'aa zaidi. Kulinganisha kabla na baada ndiyo maana ya kipimo chenyewe. Kumpiga mgonjwa mwenye uvimbe wa figo CT bila kontrasti, pasipo sababu ya kuiepuka, kungekuwa kumtoza fedha kwa jibu la nusu.

Na kreatinini inakuja papo hapo. Dawa ya kontrasti hutolewa mwilini kupitia figo, na figo zisizofanya kazi vizuri zinaweza kuzidi kuumia. Ndiyo maana kituo makini hakimchomi dawa hiyo mgonjwa mwenye tatizo la figo, kisukari au umri mkubwa kabla ya kuona kipimo cha kreatinini cha karibuni, na kwa mtu aliyetumwa kwa sababu ya uvimbe wa figo hitaji hilo halina ubishi. Mngekuwa mmekwenda na jibu la kreatinini kutoka hospitali yenu, huenda msingelipa hiyo 15,000. Hilo ni la kukumbuka safari nyingine. Lakini kwa kuwa hamkuwa nalo, kreatinini ilikuwa sehemu ya maandalizi ya CT, na haikuwa kipimo cha ziada alichojiamulia mtu wa maabara.

Ushahidi wa haya unao tayari, ila hukuuonyesha vizuri. Katika karatasi ulizowapelekea bima naona fomu ya madai, nakala ya fomu ya daktari, ankara, risiti na ile barua fupi ya kituo inayosema kipimo kimefanyika. Sioni taarifa ya daktari bingwa wa mionzi. Ulinitumia mimi, lakini wao hukuwapelekea, nadhani kwa kuogopa siri za mgonjwa au kwa kuwa hakuna aliyekuambia. Isome aya ya pili ya taarifa hiyo, ile inayoeleza mbinu iliyotumika. Inasema picha zilipigwa kabla na baada ya kontrasti kupitia mshipa, inataja kiasi cha dawa kwa mililita, na inataja kiwango cha kreatinini kabla ya kuchoma. Katika mistari hiyo michache mtaalamu amejibu karibu kila swali la ofisa wa madai. Wagonjwa wengi hupeleka bahasha kubwa ya picha au sidii na kuacha taarifa nyumbani, kumbe picha zenyewe hakuna anayezitazama kwenye ofisi ya madai. Kinachosomwa ni taarifa.

Hata hivyo taarifa peke yake haitoshi, kwa sababu aliyeiandika siye aliyemwagiza mgonjwa. Kinachokosekana ni neno la daktari wa kwanza. Rudi hospitalini kwenu, uende na nakala ya fomu yake na nakala ya taarifa ya mionzi, umwombe aandike barua ya ufafanuzi. Isiwe ndefu. Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali, iwe na jina lake, namba yake ya usajili katika Baraza la Madaktari Tanganyika, sahihi na muhuri, na maneno yake yanaweza kuwa kama haya:

"Ninathibitisha kwamba tarehe 3 nilimwona mgonjwa aliyetajwa hapo juu, mwenye maumivu ya ubavu wa kushoto na uvimbe wa figo ulioonekana kwa ultrasaundi, na nikaagiza CT ya tumbo. Kwa tatizo hili kipimo hicho hufanyika kabla na baada ya kontrasti, na kipimo cha kreatinini ni sehemu ya maandalizi yake. Vyote viwili vilikuwa ndani ya kusudio la agizo langu, ingawa sikuvitaja kwenye fomu. Mgonjwa alielekezwa kituo cha nje kwa sababu mashine ya CT ya hospitali hii haikuwa ikifanya kazi siku hiyo."

Barua hiyo iandikwe tarehe ya siku anayoiandika. Nalisisitiza hili kwa sababu najua kitakachopendekezwa na mtu fulani pale mapokezi, kwa nia njema kabisa: kwamba daktari ajaze fomu mpya, aweke tarehe 3, atie tiki kwenye kisanduku cha kontrasti, yaishe. Usikubali. Fomu ya kwanza iko tayari kwenye jalada la bima, na fomu ya pili yenye tarehe ileile na maneno tofauti ni ushahidi wa kughushi. Madai yaliyokuwa na kasoro ndogo ya maelezo yatageuka kuwa madai ya udanganyifu, na hapo hata ile 279,000 wanaweza kuitaka irudi, achilia mbali matatizo utakayopata wewe kwa mwajiri na daktari kwa baraza lake. Ufafanuzi wa tarehe ya leo unaoeleza jambo la tarehe 3 ni halali na unakubalika. Kubadilisha kumbukumbu ya tarehe 3 si halali.

Ukiwa na barua na taarifa, kontrasti na kreatinini zinakuwa na msimamo mzuri. Ni 105,000, na ukitoa asilimia 10 ya mchango wako unatarajia 94,500. Andika kiasi hicho hasa kwenye barua ya kuomba mapitio, usiandike 241,000. Ofisa anapoona umeshajikata mchango mwenyewe, anajua anashughulika na mtu aliyeusoma mkataba wake.

Vipimo vya ini ni habari nyingine, na hapa nitakuwa mkweli. Havimo kwenye agizo la daktari, havimo kwenye maandalizi ya CT, na taarifa ya mionzi haivitaji. Uliniandikia pembeni ya nakala kwamba mume wako alimwambia kijana wa maabara, kwa kuwa damu imeshatolewa, apime na ini. Ni jambo linalofanywa na watu wengi na silioni baya hata kidogo, ila ni kipimo alichojiagizia mwenyewe, na bima hulipia kipimo ambacho daktari amekiona kinahitajika kwa tatizo alilomkuta nalo mgonjwa. Usimwombe daktari avitaje kwenye barua. Akiviingiza, ofisa atauliza vinahusiana vipi na figo, jibu litakuwa dhaifu, na udhaifu huo utaambukiza mistari miwili mizuri iliyo juu yake. Hiyo 35,000 isamehe.

Tuje kwenye 70,000 ya bei. Kampuni ya bima huwa na orodha ya vituo ilivyoingia navyo mkataba, na kila kituo kimekubaliana nayo bei ya kila kipimo. Mwanachama akienda kituo kisichomo kwenye orodha, bima hailazimiki kulipa bei ya kituo hicho. Hulipa kadiri ambavyo ingelipa kwenye kituo chake. Mkataba wenu unalisema hilo wazi kwenye ukurasa wa masharti ya huduma za nje ya vituo vya mkataba. Kwa kawaida tofauti hiyo ni mzigo wa mwanachama, kwa sababu inachukuliwa kwamba alichagua mwenyewe.

Lakini mkataba wenu huohuo una kifungu kinachosema kwamba pale huduma isipopatikana kwenye kituo cha mkataba ndani ya muda unaofaa, bima italipa gharama halisi iliyo ya kiasi. Mlango wako ni huo, na ni mwembamba. Swali la kwanza la ofisa litakuwa hili: kwa nini Arusha, ilhali Moshi kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC yenye huduma za mionzi, tena huenda na vituo vingine? Sentensi ya mwisho ya barua ya daktari inathibitisha kwamba mashine ya hospitali yenu ilikuwa mbovu. Haithibitishi kwamba hapakuwa na mahali pengine karibu. Kama daktari au dawati la bima la hospitali ndilo lililowataja jina la kituo cha Arusha, au kama mliuliza kwingine mkapangiwa tarehe ya mbali, tafuta chochote cha maandishi kinachoonyesha hivyo: karatasi ya miadi, ujumbe wa simu, hata jina la kituo likiwa limeandikwa na daktari juu ya fomu. Kama hakuna, omba tu hiyo 70,000 kwa heshima katika aya yake ya pekee, ueleze mlivyoelekezwa, na usiitegemee. Ikikubaliwa, utapata 63,000 baada ya mchango.

Nauli ya Moshi hadi Arusha na kurudi usiiweke. Najua mlitumia siku nzima barabarani, lakini mafao ya mgonjwa wa nje katika mkataba wenu hayana usafiri.

Kuhusu karatasi zenyewe, kuna mambo mawili nimeyaona kwenye nakala zako ambayo hayajakuletea shida bado, lakini yanaweza. La kwanza ni risiti ya EFD. Karatasi ya risiti hizo huandikwa kwa joto, haina wino, na ikikaa kwenye mkoba au kwenye dashibodi ya gari inafifia hadi inakuwa nyeupe. Yako imeanza kupauka pembeni. Itoe nakala leo, na uipige picha inayoonyesha vizuri namba ya uhakiki na ule mraba wa msimbo ulio chini, kwa sababu risiti yenye namba inayosomeka inaweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya TRA, verify.tra.go.tz, hata kama karatasi yenyewe imekufa. Na siku nyingine mwombe mhasibu wa kituo aingize jina la mgonjwa kwenye risiti kabla hajaitoa. Nafasi ya jina la mteja ipo kwenye mashine, ila asipoombwa huiacha wazi. Ujumbe wa M-Pesa wa kuthibitisha malipo ni msaada, lakini si risiti, na bima haiukubali peke yake. Mngelipa kwenye hospitali ya serikali, mngepewa namba ya kumbukumbu ya malipo, hiyo ambayo wote tunaiita kontroo namba, na ankara yenye namba hiyo pamoja na stakabadhi yake ndizo zingekuwa ushahidi wenu.

La pili ni ile fomu ya maombi ya kipimo. Una bahati kwamba ulipiga picha kwa simu kabla ya kuikabidhi, kwa sababu idara ya mionzi huibakiza fomu kama kumbukumbu yake na mgonjwa huondoka mikono mitupu. Nimeona madai mengi mazuri yakikwama hapo: kipimo kimefanyika, risiti ipo, taarifa ipo, ila agizo la daktari limo ndani ya kabati la kituo kilicho mji mwingine. Kabla ya kumpa mtu wa mapokezi fomu hiyo, ipige picha, ukihakikisha tarehe, utambuzi wa ugonjwa, sahihi na muhuri vinasomeka. Tazama pia kilichoandikwa kwenye nafasi ya sababu ya kipimo. Pakiwa patupu, au pakiandikwa "uchunguzi wa kawaida", mrudishie daktari papo hapo aandike dalili au ugonjwa anaoushuku, kama kweli upo, kwa sababu mikataba mingi ya bima haigharimii uchunguzi wa afya kwa mtu asiye na dalili, na maneno hayo yanatosha kuyaua madai yote.

Sasa namna ya kupeleka. Tazama kwanza tarehe mbili: tarehe ya kipimo na tarehe ya karatasi ya malipo uliyoletewa. Mkataba wenu unatoa siku 90 tangu huduma kwa madai mapya, na siku 30 tangu uamuzi kwa kuomba mapitio. Mikataba mingine ina muda tofauti, kwa hiyo anayesoma jibu hili kwa ajili ya bima yake asikopi siku hizi. Wewe unazihesabu hizo 30, na kwa karatasi yako zimebaki kama wiki mbili. Daktari akikwambia barua itakuwa tayari wiki ijayo, usisubiri ndipo uandike. Peleka ombi la mapitio sasa, useme barua ya ufafanuzi inafuata, ili uwe umeingia ndani ya muda.

Kwenye ombi, taja namba ya madai iliyo juu ya karatasi yao, namba ya uanachama wako na ya tegemezi, kisha andika aya tatu fupi: kontrasti na kreatinini kwa 94,500, na sababu, tofauti ya bei ya CT kwa 63,000, na sababu, na aya ya mwisho inayosema kwamba hubishi vipimo vya ini wala mchango wa mwanachama. Ambatisha taarifa ya mionzi, barua ya daktari, nakala ya fomu ya maombi na nakala ya risiti. Taarifa ya mionzi iweke kwenye bahasha iliyofungwa, iliyoandikwa kwamba ni kwa ajili ya idara ya tiba ya bima, kwa kuwa ofisa rasilimali watu wa kampuni yako anaweza kuwa mpitishaji wa karatasi, lakini hana haki ya kusoma uvimbe wa mume wako uko wapi. Nakala halisi ya taarifa ibaki nyumbani. Daktari ataihitaji akifuatilia matibabu. Dai sahihi ya kupokelewa na tarehe kwenye nakala yako ya ombi, hata kama anayepokea ni mfanyakazi mwenzako. Kama kampuni yenu ilikata bima kupitia dalali, mpe naye nakala. Kufuatilia madai ni sehemu ya kazi anayolipwa, na yeye ana simu ya mtu ambaye wewe humfikii.

Jambo moja la kuuliza ukiwa huko ni kiasi kilichobaki kwenye kikomo cha mgonjwa wa nje cha mume wako. CT, pamoja na ukubwa wa gharama yake, ikifanyika bila kulazwa hukatwa kwenye kikomo cha mgonjwa wa nje, ambacho kwa kawaida ni kidogo sana kuliko kile cha kulazwa. Kama kikomo kinakaribia kuisha, hata ombi lililokubaliwa litalipwa hadi pale kinapoishia tu, na ni afadhali ujue mapema kwa sababu kwa hali ya mume wako huenda vipimo vingine vinakuja.

Kwa vipimo hivyo vijavyo, njia nyepesi ni kutolipa wewe kabisa. Kabla ya kutoka hospitalini, mwombe mhudumu wa dawati la bima apeleke maombi ya kibali cha awali akiambatisha fomu ya daktari, na aulize ni kituo kipi cha mkataba chenye mashine inayofanya kazi leo. Kibali kikija huwa na namba, jina la kipimo na jina la kituo. Soma jina la kipimo kabla ya kuondoka: kibali cha "CT ya tumbo" kwa mgonjwa anayehitaji kontrasti kitawarudisha mahali mlipo sasa, safari hii dirishani, mkiambiwa mlipe tofauti.

Kwa wasomaji walio kwenye NHIF, msichukue utaratibu huu wa kurejeshewa fedha mkautumia huko. Mfuko wa Taifa umejengwa kulipa vituo ulivyovisajili kwa fomu ambazo kituo chenyewe huzijaza, na vipimo vikubwa kama CT na MRI huombewa kibali kabla. Ukiambiwa mashine ni mbovu, omba rufaa ya kwenda kituo kingine kilichosajiliwa, na ukikwama nenda ofisi ya mkoa ya Mfuko kabla hujatoa fedha mfukoni, maana kuzirudisha baadaye ni kazi ngumu mno.

Tukirudi kwako, dada: ikiwa bima watakataa ombi la mapitio, wadai sababu kwa maandishi, wakitaja kifungu cha mkataba wanachokitegemea. Jibu la mdomo au la simu halikufikishi popote. Ukiwa na barua hiyo unaweza kupeleka lalamiko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha, na kama halikutatuliwa kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo mtu wa kawaida anaifikia bila wakili. Kwa 94,500 wengine watakwambia haifai usumbufu. Mimi naona barua moja zaidi ikiwa karatasi zote zimekwisha kukusanywa si usumbufu mkubwa, na kwa jinsi karatasi zako zitakavyokuwa daktari akishaandika, sitarajii ufike huko kwa ajili ya kontrasti na kreatinini. Anza na daktari, kesho asubuhi kama yuko kliniki, na risiti itolewe nakala leo.